Bitkoini imekwama njiani: majibu kwa wasomaji

Habari kaka. Juzi usiku nilimtumia mdogo wangu bitkoini kwa pochi ya Electrum, nikaweka ada ndogo kabisa ili nisikatwe sana. Mpaka leo inaandika Unconfirmed. Hela imepotea? (Msomaji, Mwanza)

Haijapotea, tena kwa hesabu za mtandao bado ni yako. Ulichofanya juzi ni kutangaza muamala. Kompyuta za mtandao zimeuweka kwenye foleni zao, ukisubiri mchimbaji autie kwenye bloku. Bloku hutoka kwa wastani kila dakika 10 na nafasi yake ni finyu, kwa hiyo mchimbaji huanza na wanaolipa zaidi kwa nafasi wanayochukua. Kipimo chake ni sat/vB, yaani satoshi ngapi kwa kila kipande cha nafasi, na satoshi milioni 100 ndiyo bitkoini moja. Thamani unayotuma haihusiki. Wa milioni na wa elfu kumi wakichukua nafasi sawa, hushindana kwa ada tu.

Fungua mempool.space ubandike namba ya muamala, ile TXID. Utaona kiwango chako na kiwango cha wanaoingia bloku inayofuata. Wewe ukiwa na 2 na wao wako 15, hapo umejua kwa nini umekwama.

Kama mdogo wako hana haraka, subiri. Foleni mara nyingi hupungua mwishoni mwa wiki. Aprili 20, 2024, bloku namba 840,000 ilipotoka na malipo ya wachimbaji kukatwa nusu, ada zilipaa vibaya sana, lakini siku zilizofuata zikashuka. Aliyevumilia aliokoa pesa nyingi.

Kusubiri nako kuna ukomo. Kompyuta ya mtandao inayoendesha programu ya Bitcoin Core kwa mipangilio ya kawaida huutupa muamala uliokaa siku 14, na foleni ikijaa kupita megabaiti 300 huanza kuwatoa wenye ada ndogo hata kabla ya hapo. Ukitupwa, salio lako litaonekana limerudi. Hapo ndipo watu huumia: wanatuma upya kutoka sarafu nyingine, yaani mafungu mengine ya bitkoini waliyowahi kupokea, za pochi hiyo hiyo. Muamala wa zamani umeshasainiwa, na yeyote mwenye nakala anaweza kuutangaza tena. Siku ada zikishuka, yote miwili inathibitishwa na mdogo wako anapokea mara mbili. Ukitaka kutuma upya, hakikisha muamala mpya unatumia sarafu zile zile za mwanzo, maana hapo ni mmoja tu unaoweza kupita.

Naona kuna sehemu ya "Increase fee". Nikiongeza, si nitakuwa nimelipa ada mara mbili? (Msomaji, Arusha)

Hapana, dada. Unaandika muamala mwingine unaotumia sarafu zile zile kwa ada kubwa zaidi, na huo unachukua nafasi ya wa kwanza. Njia hii huitwa RBF. Ule wa kwanza haulipiwi kitu, kwa sababu haukuingia kwenye bloku.

Tupige hesabu. Muamala wa kawaida wa anwani zinazoanza na bc1q, wenye sarafu moja inayoingia na anwani mbili zinazopokea (ya unayemtumia na ya chenji yako), huchukua takriban vB 141. Kwa 2 sat/vB ulilipa satoshi 282. Ukipandisha hadi 15, ada yote inakuwa 2,115. Zile 1,833 za ziada zinatoka kwenye chenji yako, na unayemtumia anapata kile kile. Usipandishe kwa satoshi tano kumi, maana mtandao utaukataa. Kwa kanuni iliyodumu miaka mingi hadi 2025, nyongeza ilikuwa angalau satoshi 1 kwa kila vB ya muamala mpya, kwa hiyo hapa ukiongeza 141 au zaidi uko salama.

Kwenye Electrum, bofya muamala kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Increase fee, weka kiwango, saini, tangaza. TXID itabadilika, kwa hiyo mtumie mwenzako namba mpya asije akabaki anaangalia ile ya zamani. Na kama ulituma salio lote bila kubakiza chenji, nyongeza itakatwa kwenye kiasi anachopokea yeye. Mwambie kabla hujasaini.

Zamani muamala ulihitaji kuwekewa alama ya kubadilishika tangu mwanzo. Tangu Bitcoin Core 28.0 ya Oktoba 2024, kompyuta zenye mipangilio ya kawaida hukubali mbadala hata alama isipokuwepo. Kwa hiyo pochi yako ikigoma, tatizo huenda liko kwenye pochi yenyewe.

Mimi ndiye ninayepokea. Nimetoa bitkoini kwenye jukwaa la kubadilishia sarafu, wao wameweka ada ndogo na wamesema nisubiri. Niko Maskati, nina shida nazo leo. Nifanyeje?

Huwezi kuubadilisha muamala ambao hukuusaini. Lakini sarafu iliyo njiani kuja kwako unaweza kuitumia hata kabla haijathibitishwa: ijitumie mwenyewe kwa ada kubwa. Huo wako mpya ni muamala wa mtoto, na hauwezi kuingia kwenye bloku bila mzazi wake, yaani ule wa jukwaa, kwa hiyo mchimbaji anayetaka ada ya mtoto hana budi kuwachukua wote wawili. Electrum inaiita Child pays for parent.

Ila angalia ukubwa wa mzazi kwanza, kwa sababu majukwaa hulipa wateja wengi ndani ya muamala mmoja. Tuseme mzazi ana vB 900 na amelipa 4 sat/vB, yaani satoshi 3,600. Mtoto wako ana vB 110, na unataka wawili hao wawe na wastani wa 12. Inatakiwa 1,010 mara 12, yaani 12,120. Ukitoa 3,600 unabaki na 8,520 za kulipa wewe peke yako, hali wateja wengine wote wanapita bure mgongoni kwako. Ikiwa ulitoa satoshi 30,000, hiyo ni zaidi ya robo, na ningekushauri usubiri. Ikiwa ulitoa milioni tano, lipa umalize shida yako.

Kuna jamaa kwenye kundi letu anasema ana mashine ya kuharakisha, nimpe maneno 12 ya pochi yangu. Ni kweli?

Usimpe, tafadhali sana. Maneno hayo ndiyo pesa yenyewe. Ukimpa, atahamisha kila kitu dakika hiyo hiyo. Kama umeshampa, tengeneza pochi mpya sasa hivi uhamishie humo kilichobaki, kwa ada ya juu.

Huduma za kuharakisha zipo kweli. Unamlipa mchimbaji pembeni, naye auweke muamala wako kwenye bloku yake. ViaBTC wanayo, na mempool.space wanayo. Zinachohitaji ni TXID na malipo, basi. Zinafaa pale ambapo kuongeza ada hakuwezekani na huna sarafu ya kumzalia mtoto. Nazo hazigusi wachimbaji wote, kwa hiyo utangoja mpaka mmoja wa walioingia makubaliano apate bloku. Anayekuahidi dakika tano anakudanganya.

Nauza simu Kariakoo. Mteja amenionyesha muamala umeshaonekana kwenye pochi yangu, umeandikwa Unconfirmed. Nimpe mzigo?

Usimpe bado. Njia ile ile ya kuongeza ada inamwezesha pia kuandika mbadala unaorudisha sarafu kwake. Kwenye Electrum imeandikwa waziwazi, Cancel (double-spend), na akilipa ada kubwa kuliko ya kwanza, muamala uliouona utafutika kwenye pochi yako huku yeye ameshaondoka na simu. Bandika TXID kwenye mempool.space. Ukiona kiwango chake kiko chini sana ya wanaoingia bloku inayofuata, mwombe aongeze ada hapo hapo mbele yako. Kisha mpe kiti, na simu ibaki kwenye kabati mpaka usome uthibitisho 1.