Uniti za LUKU na megajuli za gesi: maswali yenu

"Risiti ya LUKU inasema nimepata uniti 28. Nataka megajuli. Nazidisha au nagawanya kwa 3.6?"

Zidisha. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Wati moja ni juli moja kwa kila sekunde, na saa ina sekunde 3,600, kwa hiyo unapata juli 3,600,000, ambazo ni megajuli 3.6. Uniti zako 28 ni megajuli 100.8. Ukiona megajuli zimetoka chache kuliko uniti, ujue umegawanya. Chukua mstari wa uniti peke yake. Shilingi usiziguse, kwa sababu ndani yake mna kodi na makato ambayo hayachemshi chai.

"Birika langu limeandikwa 2000 W. Hizo ni megajuli ngapi?"

Bado huwezi kusema, ndugu yangu, mpaka ujue limewaka kwa muda gani. Wati ni kasi ya kula umeme, megajuli ni kiasi kilicholiwa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, basi nitaeleza nilivyopima kwangu.

Nilizima friji na taa zote, nikaweka maji lita 1.5 yenye nyuzi 25 hivi. Mita ilisoma 41.37. Maji yalipochemka na birika kujizima ilisoma 41.22. Zimekwenda uniti 0.15, sawa na megajuli 0.54. Saa nayo ilikubali: dakika nne na nusu ni sekunde 270, mara wati 2,000, unapata juli 540,000.

Maji yenyewe yalihitaji kiasi gani? Kilo moja ya maji hutaka juli kama 4,190 ili ipande nyuzi moja. Kilo 1.5 kwa nyuzi 75 ni megajuli 0.47. Iliyobaki, 0.07, imepasha bati la birika na hewa ya jikoni. Shika tofauti hiyo kati ya nishati iliyolipiwa na iliyoingia kwenye maji, maana swali linalofuata linaitegemea.

"Napikia jiko la umeme, uniti 2 kwa siku. Dada yangu anapikia gesi, mtungi wa kilo 6 unamfikisha siku 24. Nani anatumia nishati nyingi?"

Uniti zako 2 ni megajuli 7.2 kwa siku. Gesi ya mtungi ina megajuli kama 46 kwa kilo, basi kilo 6 ni 276, na ukigawa kwa siku 24 unapata 11.5. Kwa hesabu hiyo dada yako anakuzidi kwa mbali.

Lakini usimtangazie bado. Moto wa gesi hupita pembeni mwa sufuria, na jiko la kawaida hufikisha chakulani karibu nusu tu ya joto lake. Jiko la umeme la sahani, sufuria ikiwa na kitako bapa, hufikisha kama asilimia 70. Kwa hiyo chakula chako kinapata megajuli 5 hivi, chake 5.75. Pengo lililoonekana kubwa limebaki dogo, na maharage ya siku moja yanatosha kulifuta. Kitako cha sufuria yako kikiwa kimebonyea, asilimia yako inashuka na pengo linapanuka tena.

Jambo moja zaidi: utakuta mahali pengine gesi imeandikiwa megajuli 50 kwa kilo. Hawajakosea. Wamehesabu pia joto la mvuke wa maji unaotoka kwenye moto, ambalo jikoni linapotea hewani. Kwa upishi tumia 46, na ukilinganisha na mkaa au kuni, nazo zichukulie kwa kipimo hichohicho kisichohesabu mvuke.

"Dukani tuna umeme wa gridi na jenereta la dizeli. Naweza kugeuza vyote kuwa megajuli nikajumlisha?"

Unaweza, ila utakuwa umechanganya vitu viwili. Lita moja ya dizeli ina megajuli kama 36, sawa na uniti 10. Jenereta dogo halikupi uniti 10. Linakupa mbili na nusu au tatu, zilizobaki zinatoka kwenye bomba la moshi na rejeta. Umeme wa gridi, kinyume chake, unakufikia ukiwa umeshazalishwa, na hasara ya mtamboni haimo kwenye mita yako.

Kama unataka kujua duka linatumia umeme kiasi gani, jumlisha uniti za mita na uniti zilizotoka kwenye jenereta, kisha zidisha zote kwa 3.6. Kama unataka kujua umechoma dizeli kiasi gani, zidisha lita kwa 36 na uiandike kwenye safu yake peke yake.