Bei ya sakafu ya mkataba wa mabasi: hesabu inaanzia nyuma

"Wakubwa, mgodi mmoja njia ya Likasi unataka basi tatu za kubeba wafanyakazi, mkataba wa miaka miwili. Nimejumlisha gharama pamoja na uchakavu wa magari, nikaongeza asilimia 20. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa ninayoweza kuwapa bila kuumia, au kuna kitu nimesahau?"

Ndugu, kuna vitu viwili umesahau, na mimi nilivisahau vyote kabla yako.

Mkataba wangu wa kwanza wa aina hiyo, hapa Lubumbashi, ulikuwa wa miaka minne, basi tatu za watu 30 zilizokwisha kutumika. Niliongeza asilimia 10 juu ya gharama na uchakavu, nikapeleka bei, nikapewa kazi siku ya tatu. Kupewa kazi haraka hivyo kungenishtua, lakini nilikuwa nafurahi. Kila mwisho wa mwaka daftari lilionyesha faida, nikalipa kodi ya hiyo faida, na bado kila mara nilipotaka kununua matairi nilikuwa naomba mkopo kwa shemeji. Mhasibu wangu hakuona kosa, na kwa upande wake hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye bei.

Nakupa namba zangu, nimezizungusha kidogo ili zisomeke. Basi tatu, kuanzia Dar es Salaam, Tunduma, Zambia mpaka kutoka Kasumbalesa na kupata plaka, zilisimama dola 120,000. Mazuti, mashofele, matairi, asiransi, garaji na mlinzi wa usiku: dola 90,000 kwa mwaka, yaani 7,500 kwa mwezi. Baada ya miaka minne nilitegemea kuziuza zote kwa 30,000. Kodi ya faida ni asilimia 30. Bei zote hapa ni bila TVA. Hiyo asilimia 16 inakaa juu ya ankara, si mali yako.

Sasa kitu cha kwanza ulichosahau. Ankara unaitoa mwisho wa mwezi, wao wanalipa baada ya siku 60. Maana yake mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu unaendesha kwa mfuko wako. Miezi mitatu mara 7,500 ni dola 22,500. Pesa hiyo itarudi siku mkataba unapokwisha, ndiyo sababu watu hawaihesabu: "si gharama, itarudi". Itarudi, lakini kwa miaka minne imelala kwa mtu mwingine bila kukuzalia kitu. Kwa hiyo siku ya kwanza sikutoa 120,000, nilitoa 142,500.

Kiwango cha faida ninachodai ni asilimia 20 kwa mwaka baada ya kodi. Sikukitoa hewani. Theluthi ya mtaji ilikuwa ya benki kwa asilimia 14, na kwa kuwa riba inapunguza kodi, kwangu inabaki kama 9.8. Theluthi mbili ni pesa yangu, na pesa yangu haiingii kwenye mabasi kwa chini ya asilimia 25, maana kwenye duka langu la Kenya (komini, si nchi) inazaa karibu hivyo. Ukichanganya kwa uzito wake unapata karibu 20. Angalia hapa: ukishaweka riba ndani ya hii asilimia 20, usiiandike tena kwenye gharama za mwaka. Nimeona zabuni ya rafiki iliyolipisha riba mara mbili, bei ikapanda, kazi ikaenda kwa mwingine.

Hesabu yenyewe inaanzia mwisho na kurudi mwanzo. Hauanzi na gharama ukaongeza kitu. Unaanza na pesa uliyotoa, unauliza: kila mwaka inirudishie kiasi gani mkononi, baada ya kodi, ili mwishoni niwe nimepata asilimia 20 kamili, isizidi, isipungue?

Mwisho wa mwaka wa nne nitapokea vitu viwili. Mabasi ya 30,000, lakini kwenye vitabu yameshafika sifuri, kwa hiyo bei yote ni faida na kodi inachukua 9,000; zinabaki 21,000. Na zile 22,500 zilizokuwa zimelala. Jumla 43,500. Sasa Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo wengi tunayo, inafanya hivi kwa mstari mmoja:

```
=VPM(20%;4;-142500;43500)
```

Jibu ni 46,943. Hiyo ndiyo pesa inayotakiwa kubaki mkononi kila mwaka. Wenye Excel ya Kiingereza waandike PMT, na koma badala ya nukta-mkato.

Kutoka hapo unapanda kwenda kwenye bei. Uchakavu ni 120,000 kugawa miaka minne, 30,000. Huo hautoki mfukoni, unapunguza kodi tu. Kwa hiyo toa: 46,943 − 30,000 = 16,943. Hii ni faida baada ya kodi. Igawe kwa 0.7 upate faida kabla ya kodi: 24,204. Ongeza uchakavu 30,000 na gharama 90,000. Bei ya mwaka ni 144,204. Basi tatu kwa miezi 12, ni dola 4,006 kwa basi kwa mwezi.

Jaribu kuipima: unapokea 144,204, unalipa gharama 90,000 na kodi 7,261, inabaki 46,943. Inarudi mahali pake. Ukitaka kupima kwa VAN, fomula inayorudisha pesa za miaka ijayo kwenye thamani ya leo, zile 142,500 ziweke nje ya mabano, kwa sababu VAN inachukua seli ya kwanza kama mwisho wa mwaka wa kwanza. Kwenye mwaka wa nne ongeza zile 43,500. Jibu likitoka sifuri, au dola chache za kuzungusha, umefika sakafu.

Mimi nilikuwa nimepeleka 132,000, yaani 3,667 kwa basi. Ukiiweka kwenye hesabu hiyo hiyo, mtaji wangu ulipata asilimia kama 12 na nusu. Si hasara ya kitabuni. Ila benki ilichukua 14 zake kwanza, na mimi mwenye kulala macho mvua ikinyesha, nikiwaza mashimo ya barabara, nikapata mabaki.

Sasa utaniambia: wewe umepata 144,204, na mimi nikiongeza asilimia 20 juu ya 120,000 za gharama na uchakavu napata 144,000, si ni sawasawa? Ni bahati nasibu. Na hapa ndipo kitu cha pili ulichosahau: muda. Wewe umeandika miaka miwili. Chukua mabasi yale yale, gharama zile zile. Baada ya miaka miwili tuseme unayauza kwa 60,000, ambayo ni sawa na thamani iliyobaki vitabuni, kwa hiyo hakuna kodi ya mauzo. Unaongeza 22,500 inayorudi, jumla 82,500:

```
=VPM(20%;2;-142500;82500)
```

Inatoka 55,773. Toa 30,000, gawa kwa 0.7, ongeza 120,000 za uchakavu na gharama: bei ya mwaka 156,818, ambayo ni 4,356 kwa basi kwa mwezi. Njia yako ya asilimia 20 itakupa 4,000 ileile, iwe mkataba ni wa miaka miwili au minne, kwa sababu haioni muda. Tofauti ya 356 mara basi tatu mara miezi 24 ni zaidi ya dola 25,000. Na hapo nimekubali utauza basi moja kwa 20,000 baada ya kulipitisha njia ya mgodi miaka miwili. Nenda kwanza uulize madalali wa Lubumbashi wanalinunua kwa ngapi, usiulize aliyekuuzia.

Ukishakuwa na jedwali hili, mazungumzo na mteja yanabadilika, kwa sababu kila sharti lina bei yake. Dola moja ya gharama ya mwaka inapandisha bei angalau kwa dola moja. Mazuti yakipandisha gharama zako kwa 9,000 kwa mwaka, sakafu inapanda angalau 250 kwa basi kwa mwezi, kwa hiyo dai kipengele cha kurekebisha bei ya mazuti, usiibebe mwenyewe. Dola 1,000 zilizoongezeka mpakani ni nzito zaidi kuliko zinavyoonekana: zinadai kama 445 kila mwaka kwa miaka minne. Na kila mwezi mmoja wa kucheleweshwa malipo ni 7,500 za kulala, mara asilimia 20, kugawa 0.7: karibu dola 60 kwa basi kwa mwezi.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniokoa kwenye mkataba wa pili, kwa mteja mwingine, miaka minne tena, hesabu ile ile. Niliomba 4,150. Mkuu wa manunuzi, mama mmoja mpole sana lakini haachii hata franka, akasema bajeti yake ni 3,900, zaidi ya hapo hapana. Zamani ningekubali au ningeondoka. Nikamwomba dakika kumi nje, nikafungua kompyuta juu ya boneti ya gari.

Nikarudi na kumwambia: "Mama, 3,900 naweza, lakini nilipwe siku 30, siyo 60." Sakafu ikashuka kutoka 4,006 hadi 3,946. Bado ilibaki 46. Nikaona uwanja wao una ukuta na walinzi usiku na mchana. "Na magari yalale kwenu." Mlinzi wangu na kodi ya parkingi vilikuwa 1,800 kwa mwaka, yaani 50 kwa basi kwa mwezi. Sakafu 3,896.

Akaniangalia, akacheka, "Kumbe ulikuwa unataka parking tu?" Akaandika vyote viwili.

Dola nne juu ya sakafu si kitu, najua. Matairi mawili yakipasuka kabla ya wakati wake zimekwisha. Ndiyo sababu nilidai pia iandikwe kwamba malipo yakipita siku 30, bei ya mwezi huo inaongezeka dola 60 kwa kila basi. Mwezi wa tano walilipa siku ya 58. Niliongeza 180 kwenye ankara iliyofuata, nikaambatanisha ukurasa wa mkataba, wakalipa bila neno.

Ndugu, weka hapa bei uliyonunulia mabasi na siku wanazosema watalipa, nitakupigia hesabu yako. Lakini 4,000 kwa miaka miwili usisaini kwanza.