Kupanga bajeti ya saa za ziada kabla hazijageuka mazoea

Nimesimamia idara ya kufungasha unga wa mahindi katika kiwanda kimoja cha Jinja, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayepanga bajeti ya ovataimu ni kwamba asichukue wastani wa miezi iliyopita. Wastani huo umekwisha kumeza mazoea yenyewe, hivyo ukiuandika kwenye bajeti unakuwa umeyahalalisha.

Anza na sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 48 kwa wiki, na hata kazi ikizidi, mfanyakazi hapaswi kuvuka saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya saa katika siku za kawaida, na mara mbili katika sikukuu za taifa. Wasimamizi wengi husoma zile saa 8 zilizo kati ya 48 na 56 kana kwamba ni mgawo wa kila mtu, ilhali ni ukuta wa mwisho.

Tuseme idara ina watu 20, na kila mmoja analipwa shilingi 416,000 kwa mwezi kwa saa 208. Saa moja ni shilingi 2,000, na ya ziada ni 3,000. Ukiongeza asilimia 10 ambayo mwajiri huchangia NSSF, inamgharimu 3,300. Sasa orodhesha sababu zinazojulikana kabla ya mwezi kuanza. Kuhesabu mali mwishoni mwa mwezi kunahitaji watu 15 kwa saa 2, yaani saa 30. Kusafisha mashine jioni mbili, watu 8 kwa saa 2 kila jioni, ni saa 32. Oda kubwa za wiki ya mwisho, watu 12 kwa saa 2 katika siku mbili, ni saa 48. Jumla ni 110. Ongeza akiba ya saa 20 kwa dharura kama umeme kukatika, nawe unapata bajeti ya saa 130, sawa na shilingi 429,000.

Tazama tarakimu hiyo kwa makini. Mfanyakazi mpya, pamoja na mchango wa NSSF, angegharimu 457,600, fedha ambazo kwa ovataimu zinanunua takriban saa 138, naye angekupa saa 208. Kwa hiyo idara inayovuka saa 138 kila mwezi kwa kazi ya aina moja inalipia mtu ambaye haijamwajiri. Hesabu hii haifai pale ambapo saa hizo zote zinaangukia jioni chache tu, kwa sababu mtu wa mwezi mzima angekaa bure siku nyingine, na pia haijagusa sare, chakula wala likizo.

Kuhusu idhini, kanuni iliyotufaa ni kwamba ombi lifike kabla ya saa nane mchana, likitaja majina, idadi ya saa na kiasi cha kazi: si "kumaliza kazi", bali "magunia 300 ya oda ya kesho". Msimamizi wa zamu anaomba, meneja wa uzalishaji anaidhinisha, na saa za akiba hutolewa na meneja mkuu peke yake. Sababu ileile ikirudi mara ya tatu katika mwezi mmoja, haiidhinishwi tena bila maelezo ya maandishi ya namna chanzo kitakavyoondolewa. Ikiwa watu wamekwisha kufanya kazi bila idhini huku msimamizi akijua, walipwe. Atakayejieleza ni msimamizi. Kuwanyima malipo ni kuwaadhibu wasiohusika, na ni kujitafutia kesi kwa afisa wa kazi.

Kanuni ya mara ya tatu ndiyo iliyofichua tatizo letu. Kitabu cha mahudhurio kilionyesha saa 2 kwa majina yaleyale, Jumatatu hadi Alhamisi, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, dalili kwamba wiki nzima ilijazwa kwa mkupuo. Tulipolinganisha na daftari la uzalishaji, magunia ya siku zenye ovataimu yalikuwa karibu sawa na ya siku zisizo nayo. Msimamizi alipotakiwa kueleza chanzo, ilidhihirika kuwa magunia matupu yalitoka stoo saa tano asubuhi, kwa kuwa mtunza stoo alihudumia kwanza malori yaliyokuwa getini. Tulianza kuyatoa jioni iliyotangulia, na maombi mengi yakakosa sababu.

Hata hivyo, hatukufuta saa hizo kwa siku moja. Wafanyakazi kadhaa walikuwa wamechukua mikopo ya SACCO wakitegemea malipo hayo, basi tuliwatangazia mapema na kuzipunguza kwa miezi mitatu. Saa zilizobaki za kusafisha mashine na kuhesabu mali tulizigawa kwa zamu, ili zisishikwe na watu walewale.