Utani Uliokatwa Chini

Picha ile niliisambaza mimi mwenyewe, saa tatu usiku, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ilikuwa skrinishoti ya akaunti ya waziri mmoja, sura yake ndani ya kiduara, na chini yake maneno ya kuwataka wananchi wazime taa saa mbili usiku walale mapema, kwa kuwa usingizi hautumii umeme. Nilikasirika, nikaituma kabla hata hasira haijapoa. Nusu saa baadaye binamu yangu akaandika: "Dada, hiyo ni ya wachekeshaji. Imekatwa chini."

Nikaona aibu, kisha nikaanza kubisha moyoni. Imekatwa vipi? Nikaipitisha picha kwenye Google Lens, nikateremka hadi kwenye matokeo ya zamani, na kweli, mama yake alikuwepo. Picha ileile, lakini ndefu kidogo, na chini ina utepe wenye jina la ukurasa wa vichekesho na maneno "habari za kubuni". Aliyeitengeneza hakunidanganya. Yeye aliweka utepe. Aliyenidanganya ni mtu mwingine, asiyejulikana, aliyechukua sekunde mbili kuukata.

Wiki iliyofuata nikakutana na mtoto wa tatu wa picha hiyohiyo. Safari hii mzaha wa usingizi ulikuwa umeondolewa. Badala yake waziri "alisema" kwamba umeme wa majumbani utazimwa saa mbili kila usiku kuanzia mwezi ujao, na pembeni pamebandikwa nembo ya gazeti na tarehe. Hakuna tena cha kuchekesha. Watu walikuwa wanaulizana kama wanunue mishumaa.

Ukiziweka picha hizo tatu pamoja utaona jambo ambalo mimi sasa ndilo ninalolitazama kwanza. Mchekeshaji hutia chumvi: anaongeza upuuzi hadi msomaji ashituke na kucheka. Mpotoshaji hupunguza chumvi. Anaondoa sehemu ya kipuuzi, anaongeza tarehe, nembo na mahali, anafanya jambo lionekane la kawaida na la kuaminika. Kwa hiyo ukipata nakala mbili za nukuu moja, usiishie kuuliza ipi ni ya kweli. Angalia imebadilika kuelekea wapi. Ikiwa kila nakala mpya inaaminika zaidi kuliko iliyotangulia, kuna mkono unaofanya kazi hiyo makusudi.

Niliwahi kupoteza muda mwingi nikitafuta kasoro ndani ya picha yenyewe: herufi zimepinda, nafasi haziko sawa, rangi ya tiki imefifia. Mpwa wangu ndiye aliyenitibu ugonjwa huo. Alifungua ukurasa wa habari kwenye kompyuta, akabofya kulia, akachagua Inspect, akaingia kwenye Console na kuandika mstari mmoja:

```
document.designMode = "on"
```

Baada ya hapo akaweka kishale juu ya kichwa cha habari na kukiandika upya kana kwamba yuko kwenye barua. Akafanya vivyo hivyo kwenye chapisho la mtu maarufu. Tovuti yenyewe haikuguswa, mabadiliko yalikuwa kwenye kioo chake tu na yangefutika akipakia ukurasa upya. Ila skrinishoti aliyopiga hapo ilikuwa na herufi halisi, rangi halisi, tiki halisi na idadi halisi ya waliopenda. Hakuna jicho litakaloona kasoro, kwa sababu kasoro haipo. Picha chafu inaweza kukuambia kwamba imechezewa, lakini picha safi haikuambii lolote.

Kuna kasoro moja ya ndani ambayo bado naiheshimu, nayo ni urefu wa maneno. Mtandao ambao sasa unaitwa X ulikuwa Twitter hadi Julai 2023, na kabla ya Septemba 2017 chapisho lake halikuweza kuzidi herufi 140, pamoja na nafasi. Novemba mwaka huo likapanda hadi 280 kwa watumiaji wengi. Watu hupenda sana kufufua "maneno ya zamani" ya mwanasiasa ili kumuumbua, na mara nyingi wanasahau kuhesabu. Ukiona chapisho lenye tarehe ya 2014 na aya nzima ndani yake, hesabu. Likifika herufi 200, limetungwa. Kipimo hiki hakiendi kinyume, yaani ufupi hauthibitishi ukweli. Tena usichanganye tarehe ya chapisho na siku ilipopigwa picha: chapisho la 2014 likipigwa picha leo litaonekana ndani ya sura ya leo ya mtandao, na hilo si kosa.

Sasa nije kwenye kisa kigumu, maana utani wenye utepe ni kesi nyepesi.

Novemba 2022 Twitter ilianza kuuza tiki ya bluu kwa dola 7.99 kwa mwezi. Hapo awali tiki hiyo ilimaanisha kwamba mtandao umemthibitisha mwenye akaunti, na macho ya watu yalikuwa yamezoea hivyo kwa miaka. Tarehe 10 mwezi huo akaunti yenye jina na nembo ya Eli Lilly, kampuni ya dawa ya Marekani, ikiwa na tiki, ilitangaza kwamba sasa insulini ni ya bure. Haikuwa ya kampuni. Akaunti halisi iliitwa @LillyPad, ile ya bandia @EliLillyandCo, na ukisoma haraka ile ya bandia ndiyo inayofanana na kweli zaidi. Chapisho lilikaa saa kadhaa kabla ya kuondolewa, na kampuni ikalazimika kuomba radhi kwa waliopotoshwa.

Je, ule ulikuwa utani? Mimi na marafiki zangu tumebishana sana. Kwa maoni yangu aliyeandika alikuwa akifanya tashtiti, na tashtiti kali: bei ya insulini Marekani ilikuwa malalamiko ya miaka mingi, na sentensi moja fupi iliifanya kampuni ijitokeze kukanusha kwamba dawa yake ni bure. Anayechekwa pale ni kampuni, si mgonjwa. Lakini alama ya utani haikuwa ndani ya chapisho. Ilikuwa kwenye jina la akaunti lenye alama ya @ pekee, na tiki ilikuwa inaifunika. Mtu aliyeiona kwenye mtandao wenyewe aliweza kubofya akagundua. Aliyeletewa skrinishoti hakuwa na cha kubofya. Ndiyo maana nasema picha ileile inaweza kuwa utani kwa aliyeiandika na upotoshaji kwa aliyeituma saa sita baadaye akijua ukweli. Nia haikai ndani ya picha. Inakaa kwa kila anayeipitisha.

Kwa kisa kama hiki hatua yangu ni moja, nayo haichukui dakika mbili. Nasoma jina lililotanguliwa na alama ya @, herufi kwa herufi, kisha natafuta akaunti halisi kupitia tovuti rasmi ya mhusika, si kupitia picha. Nikishaipata, kwenye kisanduku cha kutafutia cha X naandika hivi:

```
from:jina_la_akaunti since:2022-11-10 until:2022-11-12
```

Hapo mtandao unaonyesha machapisho ya akaunti hiyo kwa siku hizo tu. Siku ya until yenyewe haihesabiwi. Badilisha jina na tarehe vilingane na picha yako. Ukikuta siku ile mhusika alichapisha mambo mengine kabisa, una cha kusema. Usipokuta kitu, usikimbilie kutangaza ushindi, maana huenda alifuta. Hapo najaribu anwani ya akaunti kwenye web.archive.org, ambako kurasa nyingi za zamani zimehifadhiwa, japo si zote. Mwanasiasa mkubwa akifuta chapisho la moto, vyombo vya habari kwa kawaida huwa vimekwisha kuliandika. Nukuu ya kushtua isiyoonekana popote ila ndani ya picha moja ni nukuu inayonuka.

Usidanganywe na wingi wa maelezo. Kuna nukuu maarufu inayodai kwamba Donald Trump aliliambia jarida la People mwaka 1998 kwamba akigombea atagombea kwa tiketi ya Republican kwa sababu wapiga kura wao ni wajinga. Jina la jarida lipo, mwaka upo, picha yake akiwa kijana ipo. Ilianza kuzunguka mwaka 2015, jarida likapekua nyaraka zake na halikuona kitu kama hicho. Mwaka na jina la jarida viliwekwa pale kwa sababu vinafanya kazi ya kiapo: msomaji anadhani hakuna anayethubutu kudanganya juu ya jambo linaloweza kukaguliwa, basi hakagui. Linganisha na ile picha ya Abraham Lincoln akionya watu wasiamini kila nukuu ya kwenye intaneti. Lincoln alifariki mwaka 1865. Pale tarehe ndiyo utani wenyewe, na hakuna anayehitaji kuelezwa.

Kati ya hizo mbili kuna kundi kubwa la nukuu ambazo ni kama ngano. Chukua zile za Robert Mugabe kuhusu mapenzi, mabinti na wanaume wavivu. Zilizunguka Afrika nzima akiwa hai na zinaendelea kuzunguka ingawa alifariki mwaka 2019. Wengi wanaozituma wanajua kwamba hakuyasema. Jina lake limekuwa kama la Abunuwasi, kila mwenye kichekesho anamtwika. Mimi sizifukuzi. Nakunja uso pale tu mtu anapoitumia mojawapo kama ushahidi katika hoja ya siasa, kwa sababu hapo hatuchekeshani tena.

WhatsApp ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa hakuna akaunti ya kuchunguza. Mishale miwili juu ya ujumbe ina maana umepita mikono mitano au zaidi, na hiyo ni dalili nzuri kwamba aliyekutumia hajui chanzo. Kukosekana kwa mishale hakumaanishi kitu: mtu akihifadhi picha kwenye simu na kuituma upya, historia yote inafutika. Namuuliza aliyetuma swali dogo la adabu, "Shangazi, hii umeipata wapi?", na simwambii mbele ya watu kwamba ametuma uongo. Shangazi yangu aliwahi kukasirika kwa sababu hiyo akanyamaza mwezi mzima. Namwandikia pembeni, namtumia picha ya asili yenye utepe wake, na mara nyingi anaifuta mwenyewe na kuweka ile nzima. Ya nzima huwa inachekesha zaidi.