LDL baada ya shambulio la moyo au kiharusi: maswali yenu

Nilipata shambulio la moyo mwaka jana. Kabla ya dawa LDL, ile kolesteroli mbaya, ilikuwa 3.4, sasa ni 1.7 na karatasi ya maabara inasema iko sawa. Mbona daktari kaniongezea kidonge kingine?

Kaka, ile karatasi haijui historia yako. Kiwango kinachoandikwa pale pembeni ni cha watu kwa ujumla, mara nyingi chini ya 3.0, na wewe mshipa wako wa moyo umeshaziba mara moja. Kwa mtu wa aina yako mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2019 unataka mambo mawili kwa pamoja, LDL iwe chini ya 1.4 na iwe imeshuka angalau nusu ya ilipoanzia. Nusu umeshaifikisha, 1.4 bado. (Hizi ni milimoli kwa lita, kama karatasi yako inatumia miligramu kwa desilita basi 1.4 ni kama 55.) Wamarekani kwenye mwongozo wao wa 2018 waliweka 1.8 kama mstari wa kufikiria dawa ya pili, kwa hiyo usishangae ukisikia namba mbili tofauti kwa madaktari wawili.

Si angeniongezea tu dozi ya ileile statini ninayomeza?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, maana mtu anadhani dozi mara mbili ni kazi mara mbili, kumbe ukidabo statini LDL inashuka kama asilimia 6 tu zaidi. Kazi kubwa inafanywa na dozi ya mwanzo. Statini inalibana ini lisitengeneze kolesteroli nyingi, ini likiona imepungua linaanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Ezetimibe, kidonge cha pili kinachoongezwa mara nyingi, inapita mlango mwingine kabisa, inazuia kolesteroli isifyonzwe kwenye utumbo, na ukiiweka juu ya statini inapunguza kama asilimia 20 ya kilichobaki. Sasa piga hesabu yako: asilimia 20 ya 1.7 ni 0.34, unabaki na 1.36. Umeingia chini ya mstari, ila kwa kusuguasugua. Pima tena baada ya wiki 4 hadi 6, na ikigoma kushuka zipo sindano za kuzuia PCSK9, protini inayolizuia ini kuivuta LDL, hizo zinashusha kweli kweli.

Kwani 1.7 na 1.4 zina tofauti gani? Si ni zilezile tu?

Ukiangalia wiki moja, hakuna tofauti. Ila LDL ni chembe zinazopenya ukuta wa mshipa na kukwama humo kila siku, kwa hiyo zikiwa chache kwenye damu zinazokwama pia ni chache, na ule uvimbe wa mafuta ulioko tayari unatulia, haupasuki kirahisi. Majaribio ya statini yakijumlishwa yanaonyesha kila ukishusha LDL kwa 1.0, matukio makubwa ya moyo na mishipa yanapungua kama moja ya tano. Kushuka kwa 0.3 faida yake ni ndogo kuliko hiyo, sitakuficha, lakini ni ya kweli na unaibeba miaka yote. Na mpaka sasa hatujaona namba ambayo ukifika pale faida inakatika. Ndiyo maana mtu akipata tukio la pili ndani ya miaka miwili huku anatumia dozi ya juu kabisa ya statini anayoistahimili, Ulaya wanaruhusu kulenga chini ya 1.0.

Ubongo si unahitaji kolesteroli? Mama ana 0.8 na naogopa atasahausahau.

Unahitaji, lakini ubongo unajitengenezea wenyewe, hautegemei LDL ya kwenye damu. Kwenye jaribio la FOURIER la 2017 watu zaidi ya 27,000 walifuatiliwa, waliochomwa sindano ya kuzuia PCSK9 wakafika kwenye 0.8 hivi kama mama yako, na kundi lililopimwa kumbukumbu halikuwa na tofauti na waliopewa sindano isiyo na dawa. Usimwachishe dawa kwa sababu namba imeshuka sana, ongea kwanza na daktari wake.

Baba alipata kiharusi, na yeye anahesabiwa humohumo?

Inategemea kiharusi gani, dada. Kama ni cha mshipa kuziba kwa mafuta, ndiyo: jaribio la 2020 lilionyesha waliolenga chini ya 1.8 walipata matukio machache kuliko walioachwa kati ya 2.3 na 2.8. Kama ni cha damu kuvuja kwenye ubongo, hizi namba usimbebeshe moja kwa moja, kwa sababu jaribio la 2006 la atorvastatini miligramu 80 liliona kuvuja kumeongezeka kidogo, ingawa viharusi vyote kwa jumla vilipungua. Tafuta ile ripoti ya sitiskani, imeandikwa kama damu ilivuja au mshipa uliziba, nenda nayo kliniki.