Bibi Aliyegeuka Pembe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Ana barua ya babu mzaa babu yake, ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na anataka nimtolee kwa Kiswahili cha leo. Sharti lake moja: "Usiniwekee mabano na alama za kuuliza, zinaonekana kama mfasiri hajui." Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu miaka kadhaa nyuma niliwahi kumkubalia mteja sharti hilohilo.

Ile ilikuwa barua ya mfanyabiashara wa bara kwenda kwa ndugu yake wa pwani. Familia ilitaka kijitabu cha arusi chenye historia yao, maneno safi, yasiyo na mikwaruzo. Nikawapa. Mstari wa tatu niliusoma hivi: "Nimempeleka bibi yangu Bagamoyo, akifika unijibu." Familia ikafurahi mno. Bibi wa ukoo aliyeshuka pwani na msafara! Arusini walimsimulia kwa kipaza sauti.

Miezi mitatu baadaye nikamwonyesha nakala mwalimu wangu wa chuoni, mzee aliyezisoma hati hizi tangu utotoni. Alifika mstari wa saba akavua miwani. "Mwanangu, huyu bibi mzani wake frasila mbili?"

Frasila moja ni kama kilo 16. Mimi hapo nilikuwa nimeandika "mzigo wake". Lililoonekana kwenye karatasi ni mim na ze tu, kisha doa la maji, na nilikuwa nimelijaza doa kwa kichwa changu. Nikamtwisha bibi wa watu kilo 32 kutoka bara hadi pwani, wala sikushtuka.

Wale walioandika zamani hawakuwa na herufi ya p. Waliandika be, na be hiyohiyo ikasimama badala ya b, p, mb na mp. (Wengine waliongeza nukta tatu kupata p. Huyu hakuongeza.) Irabu nazo: kijistari cha chini ni i au e, usiulize zaidi. Kwa hiyo "bibi" na "pembe" zinaandikwa sawasawa, nukta kwa nukta. "Nimepeleka" na "nimempeleka" vilevile, kwa sababu ile m mbele ya p mara nyingi haikuandikwa. Na "yangu" haikusaidii, inakaa na bibi na inakaa na pembe.

Kilichobaki kuamua ni alifu ya mwanzo ya lile neno la kufika. Kijistari kikiwa juu, "akifika", basi ni mtu. Kikiwa chini, "ikifika", basi ni pembe ya ndovu. Karatasi ilikuwa imekunjwa palepale na wino umebanduka. Nilisoma "akifika" kwa kuwa nilishamchagua bibi. Kosa la kwanza lilizaa la pili, la pili likazaa mzigo.

Leo mstari ule ningeutoa hivi:

Nime(m)peleka [pembe? / bibi?] yangu Bagamoyo, [a/i]kifika unijibu … mz[ani?] wake frasila mbili.

Chini yake ningeeleza kwa sentensi moja kwamba nachagua pembe kwa sababu ya frasila, na kwamba neno la mzani nalo ni la kukisia. Maana hapo pana mtego: natumia kisio moja kushikilia jingine, na msomaji ana haki ya kuliona hilo.

Tarehe pia ilinichezea. Sifuri ya Kiarabu ni nukta, moja ni kijiti, na kati ya 3 na 7 palikuwa na alama iliyofifia. Ikiwa 1307 ya Hijria, barua ni ya kati ya Agosti 1889 na Agosti 1890. Ikiwa 1317, ni ya 1899 au 1900, na mwenye barua anaishi katika dunia nyingine kabisa. Niliandika 1307 bila hata kusita. Siku hizi naandika 13[0/1]7.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoingia kazi hii: nakilini kwanza herufi zilivyo, nukta zake na mapengo yake, kabla hujaanza kutafuta maana. Ukishapata maana jicho linaanza kuona nukta zisizokuwepo. Piga picha kwa mwanga unaotoka ubavuni, na wino wa kahawia utazame kwenye rangi ya buluu peke yake ya picha hiyo, huwa unakoza. Usilowanishe karatasi, wino wa masizi unaondoka na maji. Na mteja akikataa mabano, mrudishie barua yake. Nasema mrudishie, hata kama kodi ya nyumba imefika.

Nilienda kwa ile familia kuwaeleza. Mama mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akaniambia, "Sasa mwanangu, pembe tutamsimulia nani?" Kijitabu hawakukibadilisha.