Siku nane tulizodai, siku tano tulizostahili

Mwaka 2024 nilikuwa nasimamia mradi wa kuunganisha malipo kwenye mfumo wa kuweka nafasi. Hatua ya tatu ilitakiwa imfikie mteja Ijumaa, tarehe 14 Juni. Wiki hiyohiyo ilikuwa wazi kwamba hatutafika, na tarehe ya kweli ni 28 Juni. Siku kumi za kazi zimepotea na ni mimi wa kuandika barua pepe.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na ile sentensi tunayoijua wote, "kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu". Nikaifuta. Mteja akisoma hivyo anaelewa mawili: kuna jambo unaficha, na utachelewa tena. Nikaamua kila siku niliyoitaja iwe na ushahidi kutoka Jira, programu tunayofuatilia kazi za mradi, kila kazi kwa tiketi yake. Na hapo ndipo nilipokaribia kujiumbua vibaya zaidi.

Kosa la kwanza lilikuwa kutazama ubao wa kazi. Ubao unakuonyesha tiketi zilipo leo, ilhali maswali ya kuchelewa ni ya jana na juzi. Kwa hiyo nilianza na utafutaji huu:

```
project = PAY AND status WAS "Blocked" DURING ("2024/06/03", "2024/06/14")
project = PAY AND created >= "2024/06/03"
```

Ni utafutaji wa aina mbili, kila mstari unaandikwa peke yake. Wa kwanza unaleta tiketi zilizowahi kukwama ndani ya kipindi hicho, hata kama sasa zinatembea. (Hali ya `Blocked` tuliiongeza wenyewe, kama timu yenu haina, andika jina la hali mnayoitumia.) Wa pili unaleta kazi zilizozaliwa baada ya mpango kukubaliwa. Tarehe za mwisho zilizosogezwa hazitafutiki kwa `WAS`. Hizo unafungua tiketi moja moja na kusoma sehemu ya `History`, ambako imeandikwa nani alibadilisha nini na saa ngapi.

Nikapata tiketi tatu. PAY-41, kuunganisha lango la malipo, ilikwama kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi mwisho wa Jumatano tarehe 12 ikisubiri funguo za majaribio kutoka kwa mteja: siku 8 za kazi. PAY-58, risiti za PDF, mteja aliiomba tarehe 5 na ilichukua siku 4. PAY-63, kurejesha fedha, tuliifungua wenyewe tarehe 13, baada ya funguo kufika na kugundua kwamba lango linataka uthibitisho wa pili ambao hatukuuhesabu: siku 2.

Nane, nne, mbili. Kumi na nne. Tumechelewa siku kumi, nami nina sababu za siku kumi na nne! Nusura niitume hivyohivyo, kwa furaha kabisa, maana siku 12 kati ya hizo zilikuwa za mteja.

Sababu zikizidi kuchelewa kwenyewe, kuna siku umezihesabu mara mbili. Nikachora mpango kwenye karatasi. Kuunganisha siku tano, kisha majaribio siku tano, na majaribio hayaanzi kabla ya kuunganisha kwisha. Huo ndio mnyororo unaobeba tarehe. Risiti hazikuwa ndani yake: mtengenezaji wetu alizifanya tarehe 6, 7, 10 na 11, siku ambazo angekuwa amekaa akisubiri funguo. Mteja kweli aliongeza kazi, lakini kazi hiyo haikusogeza tarehe hata kwa siku moja. PAY-58 ikatoka kwenye orodha ya sababu.

Zikabaki nane na mbili, kumi kamili. Ningeweza kuishia hapo, ila nilitaka kuambatisha barua yetu ya kuomba funguo kama kielelezo. Nikaitafuta kwenye kisanduku cha barua zilizotumwa. Ilitumwa Alhamisi tarehe 6, asubuhi.

Tiketi ilikwama tarehe 3. Mteja aliombwa tarehe 6. Katikati kuna siku tatu ambazo kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshaomba. Jira ilisema ukweli kwamba kazi imekwama, lakini haikusema nani anasubiriwa. Hilo lilikuwa kwenye barua pepe, na mteja naye ana nakala yake. Ningeandika "tulisubiri funguo siku 8", angefungua kisanduku chake, angehesabu tano, na baada ya hapo asingeamini namba yoyote yangu.

Tangu siku hiyo kila tarehe ya kuingia na kutoka `Blocked` naipima na kitu kingine kilichoandikwa: barua, ujumbe, au msimbo uliowekwa. Tiketi huburutwa na watu, na watu husahau. Funguo zenyewe zilifika Jumatano jioni. Tiketi iliburutwa Alhamisi asubuhi. Safari hii haikubadili hesabu, lakini ingekuwa Ijumaa jioni na Jumatatu mchana, ingebadili.

Hii ndiyo barua niliyotuma Ijumaa tarehe 14, saa mbili asubuhi, kichwa chake "Hatua ya tatu: tarehe mpya ni 28 Juni":

> Habari za asubuhi,
>
> Hatua ya tatu haitakamilika leo kama tulivyokubaliana. Tarehe mpya ni Ijumaa, 28 Juni, yaani siku 10 za kazi baadaye.
>
> Siku 5 ni zetu. Kazi ya malipo ilisimama tarehe 3 Juni kwa kukosa funguo za majaribio, lakini tuliwaomba tarehe 6 (siku 3). Pia hatukuhesabu uthibitisho wa pili wa kurejesha fedha, ambao tumeugundua jana (siku 2).
>
> Siku 5 ni za kusubiri funguo, tangu ombi letu la tarehe 6 hadi zilipofika tarehe 12 jioni.
>
> Risiti mlizoomba tarehe 5 hazikuchangia kuchelewa.
>
> Kuunganisha kunakwisha tarehe 19, kurejesha fedha tarehe 21, majaribio ni 24 hadi 28. Tunaomba mtu mmoja upande wenu wa kujaribu pamoja nasi kuanzia tarehe 24. Akipatikana baadaye, tarehe 28 nayo itasogea.

Siku zetu nimezitanguliza kwa makusudi. Ukianza na za mteja, anaacha kusoma na kuanza kujibu.

Sikuambatisha picha ya Jira wala faili lililotolewa humo. Namba za tiketi nilibaki nazo endapo angeuliza. Nina sababu. Mradi mmoja wa nyuma nilimtumia mteja faili zima, na safu ya maoni ilikuwa na neno la mwenzetu: "huyu hata hajui anachotaka". Tulikwenda kuomba radhi ana kwa ana.

Majibu yalikuja kabla ya saa sita. Meneja wa upande wao hakugusa zile siku tano za funguo. Alieleza tu kwamba zilihitaji sahihi za watu wawili na mmoja alikuwa safarini. Alichouliza ni hiki: kama risiti zilikwisha tangu tarehe 11, kwa nini wasizipate leo? Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Tukaziweka jioni ile.